Mguu wenye ganzi: jinsi ya kuukagua kila jioni

Mzee mmoja wa Kibosho alikuja kliniki ya kisukari ninapohudumu hapa Moshi, na harufu ya kidonda ikamtangulia. Jumatatu alikuwa amevaa buti za mvua kwenda kupogoa kahawa, na ndani mlikuwa na kichangarawe. Akakikanyaga kutwa nzima bila kujua. Alhamisi mjukuu wake aliona soksi imelowa usaha. "Lakini muuguzi, hapaumi," aliniambia. Tulimwokoa mguu, ila kidole kidogo kilikatwa.

Kutouma ndiko kulikomponza. Sukari iliyokaa juu kwa miaka huharibu mishipa ya fahamu ya miguu. Mwenye miguu mizima angechechemea na kuvua kiatu, lakini yeye aliendelea kukanyaga palepale. Tena sukari ikiwa juu, mwili hupigana na vijidudu kwa shida, na damu isipofika vizuri kidonda hakifungi. Usaha hupenya hadi kwenye mfupa.

Kwanza, jua kama una ganzi. Fumba macho. Mtu akuguse kwa ncha ya kidole, polepole, sekunde moja au mbili, bila kubonyeza: kidole gumba, cha kati na kidogo, miguu yote miwili. Hapo ni sehemu sita. Ukikosa kuhisi mbili au zaidi, fuata hatua hizi kila siku na uwaambie kliniki.

Jioni, baada ya kunawa, kausha miguu, hasa katikati ya vidole. Kaa penye mwanga, weka kioo sakafuni uone nyayo, au mwombe mjukuu akuangalizie. Tafuta mchubuko, lengelenge, ufa kisiginoni, na sugu yenye weusi ndani. Weusi huo mara nyingi ni damu, na chini yake pana kidonda. Sugu usiikate kwa wembe. Kisha mtu asiye na ganzi mikononi ashike miguu yote miwili. Mmoja ukiwa na joto kuliko mwenzake, hata kama ngozi haijachanika, nenda hospitali.

Kabla ya kuvaa, kung'uta kiatu, kisha ingiza mkono hadi mbele upapase. Mzee wetu angekiona kichangarawe kile hapo.

Juni na Julai, baridi ya huku inaposhuka, naona watu wengi walioungua kwa kuota jiko au kuloweka miguu kwenye maji ya moto. Vaa soksi nene badala yake.

Ukikuta kidonda, osha kwa maji safi na sabuni, funika kwa gozi safi, usikanyagie mguu huo, na uende kituo cha afya siku hiyohiyo. Usipake dawa ya meno, majivu wala majani. Wekundu unaosambaa, harufu, ngozi nyeusi, homa, au sukari iliyopanda ghafla: nenda hata kama ni usiku wa manane, na ukifika vua viatu vyote viwili mbele ya daktari.