Somo: Ramani ya nukta za zahanati za Dar, majina ya mahali yakigoma au yakifanana

Ndugu wanachama, somo la leo ni la ramani ambayo kila kituo cha afya ni duara, na ukubwa wa duara unafuata idadi ya wagonjwa. Kuchora si kazi ngumu. Ngumu ni kuipata koodineti ya kila kituo pale unapopewa jedwali lenye majina ya mahali tu, yaliyoandikwa kila mtu kwa mtindo wake.

Nitatumia jedwali dogo nililolitunga kwa ajili ya kujifunzia. Vituo na idadi ni vya mfano, ila majina ya mahali na matatizo yake ni ya Dar kabisa.

```
id,aina,mahali,wilaya,wagonjwa
1,Zahanati,Mbezi,Ubungo,4200
2,Zahanati,G/Mboto,Ilala,6800
3,Kituo cha afya,Kisarawe 2,Kigamboni,2600
4,Kliniki,Mtongani,,1900
5,Zahanati,Buyuni,Ilala,900
6,Kituo cha afya,Mbagala R3,Temeke,9600
7,Zahanati,Tandale,Kinondoni,3100
8,Zahanati,Sinza,Ubungo,2900
```

Jumla ni wagonjwa 32,000. Tuseme umeyapeleka majina haya yalivyo kwenye huduma ya kutafuta mahali, na safu mbili zimerudi tupu: G/Mboto na Mbagala R3. Wengi wetu tungesema sita kati ya nane zimepatikana, asilimia 75, si haba. Sasa hesabu wagonjwa. Safu hizo mbili zina wagonjwa 16,400, yaani zaidi ya nusu ya jedwali zima. Ukichora hivyo, Mbagala na Gongo la Mboto zitaonekana hazina huduma, wakati ndiko mzigo mkubwa uliko. Kwenye ramani ya namna hii kipimo cha mafanikio ni wagonjwa uliowaweka mahali pao. Kwa hiyo, kabla ya yote, lipange jedwali kuanzia kituo chenye wagonjwa wengi, na jasho lako lianzie juu.

Hatua ya 1: Usifute kilichoandikwa

Acha safuwima ya `mahali` kama ilivyokuja. Ongeza nyingine pembeni: `mahali_safi`, `lat`, `lon`, `usahihi` na `chanzo`. Kwenye `usahihi` andika mojawapo ya maneno manne: kituo, mtaa, kata, hakuna. Safuwima hii ndiyo itakayokuokoa mbele ya safari, maana nukta iliyopimwa mlangoni kwa kituo na nukta ya katikati ya kata zinafanana sana zikishawekwa kwenye ramani.

Hatua ya 2: Anza na sajili, jina liwe la mwisho

Wizara ya Afya ina sajili ya vituo vya kutolea huduma, na kila kituo kina namba yake. Kama jedwali lako lina namba hiyo, unganisha kwa namba na uchukue koodineti za huko. Usiunganishe kwa jina kama namba ipo. Utafutaji kwa jina ni wa vile vilivyobaki, na hapo ndipo mfano wetu unapoingia.

Hatua ya 3: Fungua vifupisho

Makarani wetu huandika kama vibao vya daladala: G/Mboto, K/Koo, M/Nyamala, R3. Mtu wa Dar anasoma bila kusita, kompyuta haielewi. Tengeneza orodha ya vifupisho na maana zake kwenye jedwali la pembeni, usibadilishe kimoja kimoja kwa mkono, ili mwezi ujao ripoti ikija uitumie tena. Kwa mfano wetu, G/Mboto inakuwa Gongo la Mboto, Mbagala R3 inakuwa Mbagala Rangi Tatu, na Kisarawe 2 inakuwa Kisarawe II. Mabadiliko hayo matatu yamegusa wagonjwa 19,000.

Hatua ya 4: Omba majibu yote

Nominatim, huduma inayotumia data za OpenStreetMap, hupanga majibu kwa kuangalia pia umaarufu wa mahali. Ukichukua jibu la kwanza tu, unachukua Mbezi iliyo maarufu zaidi, siyo lazima iwe yako. Omba hadi majibu kumi, halafu uyahesabu:

```
https://nominatim.openstreetmap.org/search?q=Mbezi&countrycodes=tz&viewbox=38.9,-6.5,39.7,-7.2&bounded=1&limit=10&format=jsonv2
```

`viewbox` na `bounded=1` vinazuia majibu ya nje ya kisanduku cha Dar, kwa hiyo Magomeni ya Bagamoyo na Mbweni ya Unguja hazitakusumbua. Usizidishe ombi moja kwa sekunde, na hifadhi majibu kwenye faili ili usiyaombe tena. Hayo ni masharti ya seva hiyo ya umma.

Hapa kuna mtego. Kisanduku ni mstatili, mkoa siyo mstatili. Mji wa Kisarawe uko Pwani lakini umeangukia ndani ya kisanduku hicho. Kisarawe II, yenyewe, ni kata ya Kigamboni, upande mwingine kabisa. Mtu akiandika "Kisarawe" tu, au namba ya Kirumi ikipotea njiani, kituo cha Kigamboni kinahamia Pwani na hakuna onyo lolote linalotokea.

Hatua ya 5: Hakiki kwa mipaka

Pakia nukta zako kwenye QGIS, programu ya kuchorea ramani, pamoja na poligoni za kata, kisha tumia `Join attributes by location` ili kila nukta ipate jina la kata na wilaya iliyoangukia. Linganisha wilaya hiyo na iliyoandikwa kwenye jedwali. Zikitofautiana, nukta hiyo haijapita.

Angalia mipaka yako ni ya mwaka gani. Ya sensa ya 2012 ina wilaya tatu tu kwa Dar: Kinondoni, Ilala na Temeke. Ubungo na Kigamboni zilikuja baadaye. Ukitumia mipaka hiyo, Sinza itaonekana ina kosa kwa sababu poligoni inasema Kinondoni na jedwali linasema Ubungo, wakati kituo kiko sawasawa. Ya sensa ya 2022 inaondoa tatizo hili.

Hatua ya 6: Amua yanayofanana

Mbezi: Mbezi Beach na Mbezi Juu ziko Kinondoni. Mbezi ya Barabara ya Morogoro, Mbezi Luis yenye stendi ya mabasi ya Magufuli, iko Ubungo. Zimeachana kilomita zipatazo kumi. Jedwali linasema Ubungo, basi tunachukua Mbezi Luis na kuandika `usahihi` = kata.

Buyuni: ipo kata ya Ilala huko upande wa Chanika, na ipo nyingine pwani ya Kigamboni. Wilaya imeandikwa Ilala, imekwisha.

Mtongani: kuna ya Kunduchi na kuna ya Temeke, na wilaya haikujazwa. Hapa simama. Usibahatishe. Tafuta ripoti imetoka halmashauri gani, au piga simu kituoni. Bila jibu, andika hakuna.

Matokeo: saba kati ya nane zimewekwa, zikiwa na wagonjwa 30,100 kati ya 32,000, sawa na asilimia 94. Wale 1,900 wa Mtongani wanaandikwa chini ya ramani kwa maneno, "kituo 1, wagonjwa 1,900, mahali hapajathibitishwa". Msomaji ana haki ya kujua.

Hatua ya 7: Chora

Jicho hulinganisha eneo la duara, kwa hiyo kipenyo kifuate kipeuo cha pili cha idadi. Kwenye `Size` weka:

```
12 * sqrt("wagonjwa" / 9600)
```

Mbagala inapata milimita 12, na kituo cha wagonjwa 2,400 kingepata 6, siyo 3. Ukiweka idadi moja kwa moja bila kipeuo, kituo chenye wagonjwa mara nne kitaonekana kikubwa mara kumi na sita, na hapo hata koodineti sahihi hazitakusaidia. Washa `Control feature rendering order` ili maduara makubwa yatangulie chini na madogo yakae juu. Mwisho, yenye usahihi wa kituo au mtaa yajazwe rangi, ya kata yaachwe matupu, mzingo tu.

MASWALI YA WANACHAMA

*Kutoka Temeke:* Shikamoo mwalimu. Mimi nina vituo vitatu vimeangukia nukta ileile, katikati ya kata ya Chamazi. Nivisogeze kidogo ili vyote vionekane?

*Jibu:* Marahaba. Nukta ileile kwa desimali zote ni dalili kwamba umepewa kitovu cha kata, siyo kituo. Ukivisogeza, mtu atadhani unajua viko mtaa gani. Jumlisha wagonjwa wa vituo vitatu, chora duara moja tupu, na kwenye lebo andika "vituo 3". Ukipata koodineti za kweli utavitenganisha.

*Kutoka Tabata:* Kaka, vituo vyangu viwili vimeenda Ethiopia na kimoja Hispania! Nimetumia data za Dar tupu.

*Jibu:* Dar iko kwenye latitudo -6.8 na longitudo 39.28 hivi. Alama ya kutoa ikidondoka, 6.8 inakupeleka kusini mwa Ethiopia. Ukibadilisha nafasi, latitudo ikawa 39.28 na longitudo -6.8, unatua Hispania karibu na mpaka wa Ureno. Hizo mbili zinajitangaza zenyewe, utaziona mara moja. Inayojificha ni koodineti za zamani zilizopimwa kwa Arc 1960, mfumo wa zamani wa koodineti wa Afrika Mashariki, halafu zikasomwa kama WGS 84, mfumo wa GPS, maana zinahama mita kama 300 tu na kituo kinabaki Tabata ila mtaa wa pili. Ukiona vituo vyote vya chanzo kimoja vimehama upande uleule, anza kushuku hilo.

*Kutoka Kimara:* Dada yangu anafanya kazi zahanati, anasema kwenye MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, kuna mahudhurio mapya na ya marudio. Duara lifuate lipi?

*Jibu:* Uliza swali la ramani yako kwanza. Kama unataka mzigo wa kazi, jumlisha yote, na kichwa kiseme "mahudhurio". Kama unataka watu, chukua mapya peke yake, ingawa hata hapo mtu mmoja anaweza kuhesabiwa vituo viwili. Kitu kimoja usifanye: kuchanganya. Kliniki ya kisukari ina marudio mengi sana, na ukiipa jumla huku jirani yake umempa mapya tu, duara lake litavimba bila sababu.

*Kutoka Kigamboni:* Nimepiga simu kituoni, nikaambiwa "tuko nyuma ya msikiti, ulizia kwa mama fulani". Nafanyaje?

*Jibu:* Mwombe aliyepokea, akiwa amesimama nje ya mlango, akutumie lokesheni ya WhatsApp. Mwambie asubiri kidogo simu itulie kabla ya kutuma. Iweke kwenye picha ya satelaiti uone kama imeangukia jengo, ipitishe kwenye hatua ya 5 kama nyingine zote, kisha andika `usahihi` = kituo na `chanzo` = simu, pamoja na tarehe.