Zao la sini na jumla ya 1/n²: somo kwa wanakikundi wa Mwanza

Wanakikundi wa Kirumba na Nyegezi waliomba tueleze jinsi Euler alivyoonyesha, mwaka 1735, kwamba 1 + 1/4 + 1/9 + 1/16 + … ni sawa na π²/6.

Hatua ya 1. Andika mfululizo wa sini, x ikiwa kwa radiani, kisha ugawanye kwa x:

sin x / x = 1 − x²/6 + x⁴/120 − …

Hatua ya 2. Tafuta mizizi, yaani thamani za x zinazoleta sifuri: ±π, ±2π, ±3π na kuendelea. Sifuri yenyewe haimo, kwa kuwa x inapoikaribia sifuri, sin x / x hukaribia 1. Polinomia yenye thamani 1 pale x = 0, na yenye mizizi a na b, huandikwa (1 − x/a)(1 − x/b). Euler aliutumia mtindo huohuo kwa mizizi isiyo na mwisho, na kila mzizi akauoanisha na hasi yake:

sin x / x = (1 − x²/π²)(1 − x²/4π²)(1 − x²/9π²)…

Jozi hizo zisitenganishwe. Ukizidisha mabano ya mizizi chanya peke yake, jumla ya 1/π + 1/2π + 1/3π + … hukua bila kikomo, na zao lote huporomoka hadi sifuri kwa kila x iliyo chanya.

Hatua ya 3. Fungua mabano. Ili kupata x², chukua kiungo chenye x² kutoka bano moja tu, na 1 kutoka mengine yote. Namba inayozidisha x² basi ni −(1/π²)(1 + 1/4 + 1/9 + …), ambayo kwa Hatua ya 1 ni −1/6. Zidisha pande zote kwa −π², nawe umepata π²/6.

Maswali ya wanakikundi

*Ukerewe: Mwalimu, nimejumlisha viungo kumi nikapata 1.5498, ilhali π²/6 ni 1.6449. Nimekosea wapi?*

Hujakosea, ndugu. Mfululizo huu hukaribia polepole mno: baada ya viungo N, kinachobaki ni takribani 1/(N + ½). Ongeza 1/10.5 kwenye jumla yako, utapata 1.6450.

*Ilemela: Je, kujua mizizi kunatosha?*

Hakutoshi, na hapa ndipo hoja ya awali ya Euler ilipokuwa na pengo. Chukua e^(x²) · sin x / x: ina mizizi ileile na thamani 1 pale x = 0, lakini namba inayozidisha x² ni 1 − 1/6 = 5/6, ambayo ingetupa jumla hasi. Ni lazima pia kuthibitisha kwamba hakuna kizidisho cha namna hiyo kilichofichika, na nadharia ya jumla ya mazao haya ilitolewa na Weierstrass mwaka 1876. Kwa kujihakikishia tu, weka x = π/2: zao linakuwa 2/π = (3/4)(15/16)(35/36)…, ambalo Wallis alikwisha kulichapisha kwa njia nyingine mwaka 1656.