Bajeti ya kuzoa taka wadi moja Malindi: hesabu tripu kwanza, kisha wanaolipa

Bajeti yangu ya kwanza ya taka ilikufa mwezi wa pili. Nilikuwa nimeandika lori la tani saba, nikagawanya taka za wadi kwa saba, nikapata tripu tano kwa wiki. Siku ya kwanza lori lilijaa hadi juu ya mbao kabla hatujamaliza mtaa wa pili, na tulipolipitisha kwenye mizani lilikuwa limebeba tani tatu tu. Makuti, matawi ya miti na maganda ya madafu yanajaza bodi, hayajazi uzito. Kwa hiyo hapa tunaanza na tripu, na kila shilingi itakayofuata itategemea tripu hizo.

Mfano ni wa wadi ya kaya 2,000 hivi, lori moja la tipa lenye bodi ya mita za ujazo 10, na jaa lililo kilomita 12 kutoka mitaani. Bei nilizoweka ni za mfano. Weka zako.

Hatua ya 1: Pima taka

Chagua kaya 30 zilizochanganyika: za ploti za vyumba, za nyumba zenye ua, na chache za wenye nafasi. Wape gunia, pita kila siku kwa siku nane na mizani ya kuning'iniza, kisha tupa takwimu za siku ya kwanza, kwa sababu siku hiyo watu hutoa hata taka za juma lililopita.

Kitu kimoja kitakushangaza. Huku kwetu uwanja hufagiwa kila asubuhi, na kinachoingia kwenye gunia pamoja na majani ni mchanga. Gunia dogo la mchanga ni zito kuliko gunia kubwa la plastiki. Ukiwaomba watu wamwage mchanga kando ya mnazi na kukupa majani tu, unapunguza uzito wa mzigo bila kununua chochote. Pima pia baada ya mvua, maana gunia lililolowa hupotosha hesabu.

Tuseme umepata kilo 2.5 kwa kaya kwa siku, yaani nusu kilo kwa kila mtu katika kaya ya watu watano. Kaya 2,000 zinatoa tani 5 kwa siku, tani 35 kwa wiki. Kila mita ya ujazo ya taka zisizoshindiliwa tunaichukua kama kilo 300, kwa hiyo bodi ya mita 10 hubeba tani 3. Thelathini na tano gawa kwa tatu, unapata tripu 12 kwa wiki: mbili kwa siku, siku sita. Kwa mwezi ni tripu 52.

Hatua ya 2: Mafuta

Hesabu mafuta kwa tripu, si kwa mwezi. Kilomita 12 kwenda, 12 kurudi, na 8 za kuzunguka mitaani ni 32. Kwa kilomita 3 kwa lita ni karibu lita 11. Ongeza lita 2 kwa sababu lori linasimama kila nyumba likiunguruma na linainua bodi jaani. Lita 13 mara 52 ni lita 676. Kwa bei ya mfano ya shilingi 175 kwa lita, ni 118,300 kwa mwezi. EPRA hubadilisha bei katikati ya kila mwezi, kwa hiyo iweke bei hiyo kwenye kisanduku chake cha peke yake katika Excel, ukibadilisha mahali pamoja kila kitu kibadilike.

Jaza tangi hadi juu asubuhi, kisha tena kesho yake asubuhi, ugawanye lita kwa tripu zilizotiwa sahihi jaani. Tripu ikipanda kutoka lita 13 hadi 17 kwa wiki nzima bila mvua, ama pampu ina shida au kuna kidumu kinachotoka kwenye tangi usiku.

Hatua ya 3: Watu na lori

Dereva mmoja 28,000, wazoaji wanne 18,000 kila mmoja: jumla 100,000. Usisahau sehemu ya mwajiri: NSSF asilimia 6 na ada ya nyumba asilimia 1.5, ambazo ni 7,500. Weka 12,000 kwa kibarua wa akiba, buti, glavu na sindano za pepopunda. Kibarua wa akiba si anasa. Mzoaji mmoja akiugua, wale watatu hawamalizi tripu ya pili.

Matengenezo na matairi 35,000. Bima na leseni, ikiwemo ya NEMA, 15,000. Akiba ya kununua lori lijalo 40,000, na hii ndiyo watu huifuta kwanza. Maji ya taka na chumvi ya bahari hutafuna sakafu ya bodi kutoka pande zote mbili. Ukilala bila akiba, utaamka na lori linalovuja barabarani.

Hatua ya 4: Jaa

Ada ya mlangoni, 600 kwa tripu, ni 31,200. Gharama halisi hata hivyo ni foleni. Masika yakianza njia ya jaani hugeuka matope. Mwaka mmoja lori letu lilikwama na mzigo siku nzima, tukalipia trekta ya kulivuta. Kwa hiyo weka dharura ya asilimia 5 juu ya jumla.

Ongeza simu na stakabadhi 8,000, jumla inafika 367,000. Pamoja na dharura ni 385,350 kwa mwezi.

Hatua ya 5: Ada

Hapa ndipo wengi hujidanganya. Kaya 2,000 kwa shilingi 300 ni 600,000, na karatasi inaonyesha faida nono. Lakini tuseme ni asilimia 60 wanaolipa: 360,000. Mkusanya ada anachukua asilimia 10, zinabaki 324,000. Una upungufu wa 61,350 kila mwezi. Na usifikiri kuwaruka wasiolipa kutapunguza gharama. Lori linapita mlango uleule, na gunia lao litaishia mtaroni, ambako utaliokota mwenyewe mvua ikinyesha.

Tafuta kiwango cha ulipaji kinachokutosha, ukiwa na gharama B1, kaya B2, ada B3 na kamisheni B4:

```
=B1/(B2*B3*(1-B4))
```

Jibu ni asilimia 71.4 hivi. Swali basi ni jinsi ya kutoka 60 hadi 72. Kupandisha ada hadi 400 kunawafukuza baadhi ya wanaolipa, na unarudi pale pale.

Kilichotufaa ni kumwachia mwenye ploti. Tulikwenda kwa mama mmoja mwenye vyumba kumi na viwili. Alisema, "Mwanangu, mimi siwezi kuwa askari wenu." Tukamwonyesha daftari: wapangaji saba wamelipa, watano hawajalipa, na gunia la wote liko pale pale mlangoni. Akakubali kuiingiza ada kwenye kodi na kulipa ploti nzima kwa Paybill kabla ya tarehe 10, naye tukampunguzia ada ya chumba kimoja. Mkusanya ada akabakiwa na majina machache ya kuyafuatilia.

Kagua kiwango cha ulipaji kwa mwezi, si kwa mwaka. Januari, ada za shule zikifika, ulipaji hushuka. Ukiwa na akiba ya mwezi mmoja wa mafuta, lori halitasimama Februari.