Somo: Kupima kikosi cha shule na wiki nane za nguvu kabla ya UMISSETA

Fainali za UMISSETA kwa kawaida huchezwa Juni, ila mechi za mchujo huanza mapema. Ukianza mwanzoni mwa Februari, wiki nane zinaishia Machi na bado una muda wa kucheza mpira wenyewe. Shule nyingi huanza na mchakamchaka mrefu kila asubuhi. Pumzi inakuja kweli, halafu mechi ya pili winga anakimbilia mpira mrefu na kushika nyuma ya paja. Kwa hiyo hapa tunapima pumzi, kisha tunapima nyama za paja.

Hatua ya 1: Pumzi

Tumia kipimo cha Yo-Yo, kile cha mapumziko mafupi, ngazi ya kwanza. Panga koni mbili zilizoachana mita 20, na ya tatu mita 5 nyuma ya mstari wa kuanzia. Mchezaji anakwenda na kurudi kwa kufuata mlio wa rekodi ya kipimo (mita 40), kisha ana sekunde 10 za kuizunguka koni ya nyuma taratibu. Milio inazidi kwenda kasi. Akichelewa mara ya kwanza anaonywa, mara ya pili anatoka, na unaandika jumla ya mita zake.

Usipime siku waliyolima shamba la shule. Mbio za mita 30 kwa saa ya mkononi mimi siziandiki kabisa, kwa sababu kidole cha mwalimu kinaweza kukosea sehemu mbili za kumi za sekunde, na hayo huenda ndiyo maendeleo yote unayoyatafuta.

Hatua ya 2: Nyama za paja, siku mbili baadaye

Mchezaji analala chali, kisigino kimoja juu ya stuli ya takriban sentimita 60, goti limekunjwa kidogo, mguu wa pili hewani, mikono kifuani. Anainua kiuno mpaka kinyooke na paja, anashuka hadi makalio yaguse nyasi, anarudia bila kupumzika. Hesabu mpaka kiuno kishindwe kufika juu. Chini ya 20 ni dhaifu, 25 ni wastani, 30 ni nzuri. Pima kila mguu peke yake.

Chukua winga wa kidato cha tano aliyepata mita 1,640 kwenye Yo-Yo, wa kwanza kikosini. Mguu wa kulia 24, wa kushoto 15. Kwa kumtazama akikimbia usingejua. Huyu anafanya programu ya wenzake, halafu anaongeza seti mbili za zoezi hilohilo kwa mguu wa kushoto, mara 8 kila seti.

Hatua ya 3: Wiki nane

Siku mbili kwa wiki, Jumatatu na Alhamisi, ikiwa mechi za kirafiki ni Jumamosi. Mazoezi ni matatu.

La kwanza ni kupiga magoti huku mwenzako amekushika vifundo vya miguu, ukishuka mbele polepole na mwili umenyooka, ukijizuia mpaka ushindwe, kisha unapokea ardhi kwa mikono. La pili ni kuchuchumaa mguu mmoja mbele, mwingine nyuma, umebeba madumu mawili ya lita 5 yaliyojaa mchanga mkavu. Kila moja lina kama kilo 8. La tatu ni la kinena: unalala ubavu, mwenzako ameshika mguu wa juu, unainua kiuno.

Hilo la kwanza ndilo la kuangalia sana. Wiki ya 1 na ya 2 ni seti 2 za mara 5, basi. Ukiwapa seti za mara 10 siku ya kwanza, Jumatano hawawezi hata kuchutama chooni, na Alhamisi nusu ya kikosi haitokei. Wiki ya 3 ni seti 3 za mara 6, ya 4 unarudi nusu ili mwili upumue, ya 5 na ya 6 seti 3 za mara 8, ya 7 seti 3 za mara 10. Wiki ya 8 fanya nusu Jumatatu, kisha pima upya kwa stuli ileile, uwanja uleule na saa ileile.

Kiuno kikianza kukunjika wakati wa kushuka, seti imekwisha, hata kama hesabu haijatimia.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, hatuna spika. Simu haisikiki uwanjani.*

Msaidizi avae vipokea sauti vya masikioni, apige filimbi kila asikiapo mlio. Pima wachezaji sita sita.

*Ramadhani ikiangukia katikati je?*

Usiwapime Yo-Yo waliofunga. Mazoezi ya nguvu yaweke karibu na futari, punguza seti moja, uongezaji usimame hapo ulipo. Vipimo vya mwisho visogeze hadi wiki moja baada ya Idi.

*Kijana wangu wa kidato cha tatu anaumwa chini kidogo ya kifuniko cha goti, pana kinundu.*

Hutokea sana kwa wanaorefuka haraka. Kano ya goti inavuta mfupa ambao haujakomaa. Mwondolee madumu na kuruka. Zoezi la stuli aendelee ikiwa haumii. La kupiga magoti aache kwanza, maana linakandamiza palepale. Akichechemea, goti likivimba au likimuuma usiku, apelekwe hospitali.