Mashine ya presha ikisema mapigo ni 41: jinsi ya kupima mapigo ya ziada ya moyo hatua kwa hatua

Mwongozo huu nimewaandikia matabibu na wauguzi wa zahanati za mitaani hapa Nairobi, maana mgonjwa wa aina hii huanzia kwetu. Nitafuata kisa kimoja, nikibadilisha mambo machache ili mwenyewe asitambulike.

Fundi cherehani wa Kariobangi, umri wake miaka 38, aliingia ameshika karatasi ya duka la dawa. Presha 124/78, mapigo 41. Aliyempima alikuwa amemwambia moyo unachoka na huenda akawekewa betri. "Daktari, usiku moyo wangu unasimama, halafu unapiga teke," aliniambia. Siku tatu hakuwa amelala.

Hatua ya 1: Shika mkono huku ukisikiliza kifua

Usiamini namba ya mashine. Weka vidole kwenye mshipa wa mkono na stetoskopu kifuani, kwa wakati mmoja, ukahesabu dakika nzima. Kwake mkono ulitoa 41, lakini kifuani nilisikia 82: pigo la kawaida, pigo la haraka lililo hafifu, kisha kimya kifupi. Kila pigo la pili lilikuwa la ziada, na halikufika mkononi.

Sababu yake ni rahisi. Pigo la ziada linaanzia ventrikali, vyumba vya chini vya moyo, kabla ya zamu yake. Ni kama kuinua mtungi bombani kabla haujajaa: kinachomwagika ni kidogo, wala mshipa wa mkono hauhisi kitu. Baadaye moyo unangoja kidogo, mtungi unajaa kupita kiasi, na pigo linalofuata linatoka kwa nguvu. Hilo ndilo teke alilokuwa analisikia. Moyo haukuwa umesimama hata mara moja.

Hatua ya 2: Maswali kabla ya vipimo

Hapa ndipo uamuzi mkubwa unapofanyika, kwa hiyo usiharakishe. Uliza kama amewahi kuzimia, hasa akiwa anakimbia au anabeba mzigo. Uliza kama kuna ndugu wa damu aliyekufa ghafla akiwa kijana. Na ukiambiwa "alianguka tu" au "alizama mtoni", chimba zaidi. Uliza maumivu ya kifua na pumzi kukata akipanda ngazi, miguu kuvimba, na homa ya baridi yabisi utotoni. Kwa mwanamke, uliza kama amejifungua miezi ya karibuni, maana kuna ugonjwa wa misuli ya moyo unaojitokeza mwishoni mwa ujauzito au miezi michache baada ya kujifungua. Wengi wanaudhania uchovu wa kulea.

Kisha uliza anachotumia: miraa, pombe, dawa za mafua za kuzibua pua, pampu ya pumu. Vidonge vya presha vya kukojoza hupunguza potasiamu, na omeprazoli ikitumiwa muda mrefu inaweza kushusha magnesiamu. Upungufu wa vyote viwili huzidisha mapigo haya.

Fundi wetu hakuwa na lolote kati ya hayo, isipokuwa kukesha akishona sare za shule wiki mbili mfululizo.

Hatua ya 3: Kipimo cha umeme wa moyo

Hiki wengi wanakiita ECG. Chukua karatasi ya nyaya 12, halafu utepe mrefu wa dakika moja. Pigo la ziada utalijua: linawahi, ni pana, na halitanguliwi na wimbi la P. Lakini usilikodolee macho hilo peke yake. Angalia mapigo ya kawaida yaliyo katikati, kwa sababu hayo ndiyo yanayokuonyesha moyo wenyewe ukoje. QT ni ndefu? Kuna alama za shambulio la zamani? Mawimbi ya T yamepinduka mahali yasipostahili? Kisha tazama kama mapigo ya ziada yana sura moja, na kama kuna matatu au zaidi yaliyofuatana.

Kwake sura ilikuwa moja na yaliyobaki yote yalikuwa sawa. Nilimwomba apande ngazi hadi ghorofa ya tatu, nikiwa naye, kisha nikamsikiliza tena. Moyo ulikuwa umefika 118 bila pigo la ziada hata moja. Baada ya dakika nne za kupumzika yakarudi. Mapigo yanayotoweka mtu akijishughulisha ni dalili njema, na yanayozidi ni sababu ya kumpeleka kwa mtaalamu. Ngazi hazichukui nafasi ya kipimo rasmi cha mazoezi, na usimpandishe kabisa mtu aliyewahi kuzimia au anayeumwa kifua.

Hatua ya 4: Damu

Potasiamu, magnesiamu, wingi wa damu na tezi ya shingo. Majibu yake yote yalikuwa ya kawaida.

Hatua ya 5: Holta na eko

Mtu mwenye mapigo ya ziada machache kwa siku, asiye na dalili za hatari na mwenye karatasi safi, unaweza kumtuliza na kuishia hapo. Huyu alikuwa nayo kila baada ya pigo moja, kwa hiyo ilibidi tujue ni mangapi kwa siku nzima. Nilimwambia avae Holta, kifaa kidogo kinachorekodi mapigo kwa saa 24, siku ya kazi ya kawaida, asijilaze kitandani.

Majibu: mapigo 98,400 kwa saa 24, na ya ziada 7,872. Gawanya, unapata asilimia 8. Chini ya asilimia 10 ni nadra mapigo haya kudhoofisha moyo. Zaidi ya hapo mgonjwa anahitaji kufuatiliwa kwa eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, na ikizidi 20 mimi humtuma kwa daktari wa moyo hata kama eko ni nzuri. Kumbuka idadi hubadilika sana siku hadi siku. Kama malalamiko hayalingani na namba, rudia.

Kuhusu eko, mwambie anayepima kwamba mgonjwa ana mapigo ya ziada. Nguvu ya moyo ikipimwa kwenye pigo la ziada itaonekana ndogo kuliko ilivyo, na kwenye lile la teke itaonekana kubwa. Inatakiwa pigo la kawaida lililotanguliwa na la kawaida. Kwake ilikuwa asilimia 60, vali nzima, vyumba havijapanuka.

Hatua ya 6: Kutuliza kwa maneno kamili

"Ni kawaida" haitoshi; mgonjwa anaenda nyumbani na hofu ileile. Nilimwekea stetoskopu masikioni mwake asikilize mwenyewe pigo la haraka, kimya, na teke, huku nikimweleza habari ya mtungi. Uso wake ulilegea.

Sikumpa dawa. Kidonge cha kutuliza moyo kama bisoprololi ninakitoa pale usumbufu unapozidi. Dawa kali za kufuta mapigo haya si za kuchezea: mwaka 1989 utafiti uitwao CAST ulionyesha kwamba wagonjwa waliopona shambulio la moyo, wakapewa enkainaidi au flekainaidi, walikufa zaidi ya wasiopewa, ingawa dawa hizo zilikuwa zikipunguza mapigo ya ziada.

Nyuma ya kadi yake niliandika: "Mapigo ya ziada ya ventrikali, asilimia 8, eko nzuri. Mashine ya presha itasoma nusu. Hesabu kwa stetoskopu. Arudi siku hiyohiyo akizimia, akiishiwa pumzi, au mapigo yakizidi akitembea." Kadi hiyo anatembea nayo, aionyeshe duka la dawa lolote atakalopimwa.