Kabla hujaandika neno "ukabaila"

Kila nikisahihisha insha za ukabaila nakutana na pembetatu ileile. Juu kabisa kakaa mfalme na taji lake, chini yake makabaila, halafu askari wa farasi, na chini kabisa wakulima wamebanana kama dagaa kwenye tenga. Mishale ya kushuka imeandikwa "ardhi", ya kupanda imeandikwa "utumishi". Mchoro unapendeza, na mara nyingi ndio unaoiharibu insha yote. Basi haya ndiyo ninayotaka mwanafunzi, au mwalimu anayeandaa kipindi, ayaweke sawa kabla hajashika kalamu. Nitabaki Ulaya ya Magharibi, maana neno lenyewe lilitungwa kwa ajili ya huko. Afrika Mashariki nitaigusa mwishoni.

Kwanza kabisa jiulize unazungumzia kifungo kipi, kwa sababu ile pembetatu imechanganya viwili. Kimoja ni cha wakubwa kwa wakubwa. Mwezi Aprili 1127, mjini Bruges katika nchi ya Flanders, karani aitwaye Galbert aliandika jinsi wenye ardhi walivyomkubali mtawala mpya. Mtawala alimuuliza kila mmoja kama anataka kuwa mtu wake kabisa, naye akajibu, "Nataka." Akaunganisha viganja, mtawala akavifunika kwa viganja vyake, wakabusiana. Kisha mtu akaapa uaminifu juu ya masalia ya watakatifu, na mtawala, akiwa na kifimbo mkononi, akamkabidhi ardhi yake. Anayefanya hivi ni mtu mwenye silaha, mwenye ardhi na mwenye watu chini yake. Akifa, mwanawe hulipia haki ya kurithi. Wakubwa wa Uingereza walichoka kupandishiwa ada hiyo ovyo, wakaifungia kiwango katika Magna Carta, hati ya haki waliyoipata kwa mfalme mwaka 1215: shilingi 100 kwa ardhi ya kumtunza askari mmoja wa farasi.

Mkulima kwa kawaida hakuviweka viganja vyake ndani ya viganja vya mtu. Kifungo chake ni kingine kabisa. Alizaliwa nacho, na kilikaa kwenye ardhi na kwenye daftari la bwana wake. Ukiandika kwamba mkulima "alimwapia bwana wake utii ili apewe ulinzi", umemvisha nguo ya askari.

Jambo la pili ni kuchagua kijiji kimoja na mwaka mmoja, badala ya kuandika "wakulima wa Zama za Kati" kana kwamba miaka 600 ni wiki moja. Mimi hupenda Bernehorne, shamba la watawa wa abasia ya Battle huko Sussex, kusini mwa Uingereza. Mwaka 1307 watawa waliorodhesha kila mtu aliyekaa kwenye ardhi yao na kila anachodaiwa. Mmoja wa walioorodheshwa ni John wa Cayworth. Ana nyumba na eka 30 za nchi ile, ambazo ni kama hekta 12, na huyo si mkulima wa hali ya chini hata kidogo.

Kwa mwaka John analipa shilingi 2 taslimu, na Krismasi anapeleka jogoo mmoja na kuku majike wawili, wote wa thamani ya peni 4. Halafu zinakuja kazi. Wakati wa kupanda mbegu za majira ya Kwaresima anatakiwa kusawazisha shamba la watawa siku mbili, kwa mtu mmoja, farasi wake na jembe lake la meno. Anabeba samadi siku mbili kwa mkokoteni na ng'ombe wake wawili. Anafyeka nyasi, anazikusanya na kuzisomba, anabeba maharagwe au shayiri, anabeba kuni kutoka msituni, anapeleka nafaka Battle mara mbili wakati wa kiangazi. Ukizihesabu siku zenyewe ni chache. Kuna mashamba mengine yaliyodai siku mbili au tatu za kila wiki, na ndiyo maana huwezi kuchukua kijiji kimoja ukasema Ulaya yote ilikuwa hivyo.

Sasa angalia hesabu ya karani, maana hapo ndipo kifungo kinapoonekana kwa macho. Kazi ya kusawazisha shamba ina thamani ya peni 4. Lakini desturi inasema siku hizo bwana atamlisha mfanyakazi milo mitatu kwa siku, na chakula chote kinagharimu peni 5. Karani anaandika bila haya kwamba bwana anapata hasara ya peni 1, hivyo kazi hiyo haina faida kwake. Samadi ni afadhali: kazi ya peni 8, chakula cha peni 5, bwana anabaki na peni 3. Karani anakwenda hivyo kazi baada ya kazi mpaka anafika jumla ya shilingi 2 na peni 3 na nusu, karibu sawa na kodi ya taslimu pamoja na kuku, ambayo ni shilingi 2 na peni 4.

Mtu atauliza kwa nini watawa, watu wenye hesabu kali namna ile, hawakuifuta ile milo. Ni kwa sababu desturi ya shamba iliwabana wao pia. Bwana ana haki ya kazi, na mkulima ana haki ya kulishwa akifanya kazi hiyo. Anayevunja upande wake atasikia kelele za kijiji kizima kwenye baraza la shamba. Hiyo haiwafanyi kuwa sawa. Baraza ni la bwana, faini zinaingia mfukoni mwake, na mtwana, yaani mkulima aliyefungwa kwenye ardhi ya bwana, hakuweza kumpeleka bwana wake mbele ya mahakama ya mfalme kudai ardhi aliyonyang'anywa, haki ambayo mtu huru alikuwa nayo. Lakini kamba ile ilikuwa na ncha mbili, na insha inayoonyesha ncha moja tu haijaeleza walivyofungwa.

Uzito wenyewe wa utwana hauko kwenye samadi. Uko mwishoni mwa orodha, katika mistari michache ambayo mwanafunzi huiruka. Watwana wa Bernehorne hawaruhusiwi kumwoza binti, wala kumnyoa mtoto wa kiume upara wa kikasisi, yaani kumpeleka kwenye utumishi wa kanisa, wala kukata mti wa mbao kwenye ardhi wanayolima wenyewe, bila ruhusa ya msimamizi wa bwana. Mtwana akifa, bwana anachukua mnyama wake bora kuliko wote. Kama hakuacha mnyama, bwana hapati kitu. Kisha mtoto anayerithi analipa ada ya kuingia, sawa na kodi ya mwaka mzima. Fikiria nyumba iliyozika baba wiki hiyo na ng'ombe wa kwanza zizini anatolewa.

Hapo lazima uliangalie neno "mtwana" kabla hujalitumia. Kwetu Pwani mtwana ni mtumwa wa kiume, na msomaji wako atawaza soko la watumwa. John hauzwi peke yake sokoni, ana familia inayorithi, ana mifugo yake. Tena ile orodha inasema kwa baadhi ya kazi kwamba "atatafuta mtu mmoja". Hailazimu awe yeye mwenyewe. Mwenye eka 30 huenda alimtuma mwanawe au kibarua asiye na shamba, na kibarua huyo hana mstari wake kwenye pembetatu. Ukilitumia neno hilo, na mimi nalitumia kwa kukosa bora, sema mara moja unamaanisha nini.

Kumbuka pia nani ameshika kalamu. Orodha ya Bernehorne imeandikwa na mdai. Inajua bei ya jogoo, haijui John alikula nini mwezi Mei nafaka ya mwaka jana ilipokwisha. Tena ni ya 1307. Tauni ilipofika Uingereza mwaka 1348 na kuua watu wengi mno, vibarua wakawa adimu na vifungo hivi vikaanza kulegea, kwa hiyo karatasi hii haiwezi kukueleza mambo ya mwaka 1400.

Jambo linalowashinda wengi ni ugomvi wa wanahistoria juu ya neno lenyewe. John hakuwahi kusikia kwamba anaishi katika "mfumo wa kikabaila", na Galbert pia. Makarani wa zama zao walilijua neno la Kilatini "feodum", yaani ardhi inayoshikwa kwa masharti. Kulifanya jina la mfumo mzima wa maisha ni kazi ya watu wa baadaye: kwanza wanasheria wa karne ya 16 na ya 17 waliochambua sheria za zamani za ardhi, halafu waandishi wa karne ya 18. Mwezi Agosti 1789 Bunge la Ufaransa likatangaza kwamba linaufuta utawala wa kikabaila wote, likikusanya chini ya jina hilo kila haki ya bwana iliyowachukiza wakulima. Neno likawa tusi. Sisi tumelipokea likiwa na harufu hiyo: Azimio la Arusha la 1967 linautaja ukabaila sambamba na ubepari, kama mambo yasiyokuwamo katika nchi ya ujamaa kamili.

Mwaka 1974 Elizabeth Brown, mwanahistoria Mmarekani, aliandika kwamba neno hili limegeuka dikteta. Wanahistoria wanajua halilingani na ushahidi, lakini wanaendelea kulifundisha kwa kuwa ni rahisi, na kila nchi isiyofanana na mfano huitwa "pungufu". Mwaka 1994 Susan Reynolds wa Uingereza alikwenda mbali zaidi. Alirudi kwenye hati za nchi kadhaa akasema wakubwa wengi wa kabla ya karne ya 12 walimiliki ardhi kama mali yao kamili, na kwamba picha ya ardhi kwa kiapo imerudishwa nyuma kutoka kwa wanasheria waliokuja baadaye. Wapo wasiokubali. Wanaofuata Marx wanajibu kwamba viapo vya wakubwa si hoja; ukabaila kwao ni mwenye ardhi kumkamua mkulima kwa nguvu ya sheria na mabavu badala ya soko. Kwa maana hiyo Bernehorne ni ukabaila mtupu. Kwa maana ya viapo, John hayumo kabisa. Mfaransa Marc Bloch, katika kazi yake ya 1939 na 1940, aliwaweka wote ndani, mkubwa na mkulima, kama aina moja ya jamii.

Kwa hiyo andika sentensi moja juu ya karatasi yako inayosema unafuata maana ipi. Ukishindwa kuiandika, liache neno. "Watwana wa abasia ya Battle mwaka 1307" inatosha.

Tahadhari hiyohiyo ichukue ukivuka kuja huku. Vitabu vyetu huweka mifumo ya zamani ya huku, nyarubanja ya Buhaya, ubugabire wa Burundi na ubuhake wa Rwanda ndani ya kapu moja na Ulaya. Katika ubuhake kiini cha mkataba kilikuwa ng'ombe: shebuja alimpa mteja wake ng'ombe wa kutunza, mteja akatumika, na Mwami Mutara Rudahigwa aliuvunja mwaka 1954. Nyarubanja ilikuwa ya ardhi yenye migomba, na mkazi akimlipa mwenye nayo. Kabla ya kuziita ukabaila, zipitishe kwenye maswali ya Bernehorne: kilichotolewa ni nini, nani aliweza kuondoka, kesi ilisikilizwa wapi, na siku mzee alipokufa, ng'ombe alikwenda kwa nani.