Mkopo wa masomo Marekani: anza kwa kukagua tarehe, kisha riba

Mwanafunzi wa Afrika Mashariki anayesoma Marekani kwa viza ya F-1 hapati mkopo wa serikali ya shirikisho, kwa hiyo hukopa kwenye benki au kampuni binafsi, mara nyingi kwa udhamini wa ndugu mwenye uraia au ukaazi wa kudumu. Mkopo huo kwa kawaida huanza kuzaa riba siku fedha zinapotolewa, hata kama hadaiwi malipo yoyote akiwa chuoni. Katika taarifa ya mkopo riba hiyo hukaa kwenye mstari wake, "Accrued Interest" au "Unpaid Interest", mpaka siku ambayo mkataba unaruhusu iingizwe kwenye deni la msingi, yaani "Principal Balance". Tangu hapo riba nayo huzaa riba.

Katika mikopo mingi ya aina hii siku hiyo ni ya mwisho wa muda wa neema, ambao mara nyingi ni miezi sita baada ya kuacha masomo. Ndiyo maana tarehe ya kwanza ya kukagua ni ile ambayo kampuni imeandika kuwa uliacha masomo. Tarehe hiyo hutoka chuoni, na inaweza kuwa ya mapema kuliko unavyodhani, kwa kuwa neema huanza pia pale mwanafunzi anapopunguza masomo hadi chini ya nusu ya mzigo wa kawaida. Wengi wetu huamini kwamba kipindi cha kazi cha OPT huhesabiwa kama masomo. Kinakuruhusu kubaki nchini na kufanya kazi, lakini kwa mkopeshaji wewe umekwisha kuhitimu.

Tuchukue mfano wa mkopo wa dola 10,000 kwa riba isiyobadilika ya asilimia 9, uliotolewa tarehe 1 Septemba 2023. Zidisha 10,000 kwa 0.09, ugawe kwa 365: riba ya siku moja ni takribani dola 2.47. Mwanafunzi alihitimu tarehe 15 Mei 2025, na neema yake ikaisha tarehe 15 Novemba 2025, siku 806 tangu fedha zitoke. Riba iliyolimbikizwa ni dola 1,987.40. Ikiingizwa siku hiyo, deni la msingi huwa dola 11,987.40, na riba ya siku hupanda hadi takribani dola 2.96. Tofauti hiyo ya senti 49 kwa siku ni karibu dola 179 kwa mwaka, kabla malipo hayajaanza kulipunguza deni.

Sasa tuseme taarifa ya mwezi Juni 2025 inaonyesha deni la msingi la dola 11,533.70. Ongezeko hilo la dola 1,533.70 ni riba ya siku 622 tu, yaani hadi siku ya kuhitimu, ambayo imeingizwa miezi sita kabla ya wakati. Neema bado imeandikwa kwenye taarifa na hakuna malipo yanayodaiwa, kwa hiyo ni rahisi kutoona kasoro yoyote. Hata hivyo, kosa hilo linamwongezea mkopaji karibu dola 70 ndani ya muda wa neema peke yake. Njia ya kulitambua ni kuweka taarifa mbili zinazofuatana sambamba: deni la msingi halipaswi kupanda kabla ya tarehe iliyo kwenye mkataba, isipokuwa fedha mpya zimetolewa. Soma mkataba wenyewe kwa makini, kwa sababu baadhi ya wakopeshaji huruhusiwa kuingiza riba mapema au zaidi ya mara moja.

Ukiwa na akiba, lipa riba siku kadhaa kabla ya neema kuisha, ili malipo yawe yamekwisha kuandikwa kwenye akaunti, kisha hakikisha yamepunguza mstari wa riba.

Wenye ukaazi wa kudumu waliokopa kwa serikali wana utaratibu tofauti, na maelezo ya mikopo yao yako kwenye studentaid.gov. Tangu Julai 2023, kuisha kwa neema peke yake hakuingizi tena riba kwenye msingi wa mikopo hiyo ya serikali, iitwayo Direct. Riba ya mkopo usio na ruzuku bado huingizwa pale kipindi cha kuahirisha malipo, "deferment", kinapomalizika.

Mwishowe linganisha mwisho wa neema na tarehe ya malipo ya kwanza, "Due Date". Ikiwa malipo yanadaiwa kabla neema haijaisha, huenda tarehe ya kuacha masomo ndiyo iliyokosewa. Omba barua ya ofisi ya msajili inayotaja tarehe ya kuhitimu, uitume kwa kampuni kwa maandishi, na uitake irekebishe tarehe pamoja na kuirudisha kwenye mstari wake riba iliyoingizwa mapema. Katika maandishi yako hayo kwa kampuni, andika pia anwani yako mpya na ya mdhamini, kwa kuwa malipo ya kwanza yakikosekana, jina lake nalo huathirika.